Mrejesho: oda ya sare 300 kwa bei ya chini, Jinja

Niliuliza: "Sare moja inanigharimu shilingi 24,000, nauza 30,000. Mteja anataka 300 kwa 20,000, mara moja tu. Nikubali?"

Asanteni sana wakuu. Nimeichambua ile 24,000. Kitambaa, uzi na vifungo ni 13,000, fundi analipwa 4,000 kwa kila sare. Ile 7,000 iliyobaki ni mgawo wa kodi ya karakana na mshahara wa msimamizi, ambao nalipa oda ije isije. Kwa hiyo gharama inayohusika ni 17,000, na kila sare ingeniachia 3,000.

Kazi ilikuwa kwenye nafasi. Vyerehani vyangu vinatoa sare 800 kwa mwezi, na wateja wa kawaida wameshachukua 600. Sare 200 za kwanza zinaingiza 600,000 safi. Zile 100 za mwisho zingewasukuma nje wateja wa 30,000, ambao kila sare yao inaniachia 13,000: napata 300,000, napoteza 1,300,000. Kukubali zote mwezi huu kungenirudisha nyuma 400,000 kuliko kukataa.

Nikamwambia mteja: 200 sasa, 100 mwezi ujao shule zikishafunguliwa na kazi ikipungua. Amekubali na kuleta malipo ya awali. Bei tumeiandika kuwa ni ya oda hii tu, maana shule zangu za kawaida zikiisikia zitaidai.