Tupeane uzoefu: ulishamtumia mteja hesabu zenye kosa, imeili ya kurekebisha mliiandikaje?

Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Wiki hii dogo mmoja ofisini alimtumia mteja makadirio ya kodi, mzigo CIF yake milioni 40, ushuru wa forodha asilimia 25 akapata milioni 10, hapo sawa. Kwenye VAT ndo akateleza, akapiga asilimia 18 ya CIF peke yake akaandika 7,200,000 wakati ushuru unajumlishwa kwanza, yaani 18% ya milioni 50 ambayo ni 9,000,000. Tukiacha tozo ndogo ndogo, mteja kaambiwa 17,200,000 na kodi yenyewe ni 19,000,000.

Imeili ya kwanza aliyotaka kutuma ilisema "tafadhali pokea makadirio yaliyoboreshwa". Nikamzuia, maana mteja ataweka karatasi mbili pembeni, aone milioni 1.8 imeongezeka bila maelezo, ajue tunamficha. Tukaandika hivi:

"MAREKEBISHO: VAT kwenye makadirio tuliyokutumia Jumatatu ilikuwa pungufu

Mheshimiwa, tulikuandikia VAT 7,200,000. Sahihi ni 9,000,000, hivyo jumla inatoka 17,200,000 kwenda 19,000,000. Kosa ni letu: tulikokotoa VAT kabla ya kujumlisha ushuru. Ushuru wenyewe na ada yetu havijabadilika. Tafadhali usitumie faili la Jumatatu, hili la leo ndilo sahihi na mstari uliobadilika tumeupaka njano. Samahani sana kwa kukuvurugia bajeti."

Nyie mnafanyaje?

Mzee wa Kurasini
Umeandika vizuri mwanangu, kosa liko juu kabisa na samahani ni moja tu. Niongeze mawili. Mlijibu juu ya imeili ile ile ya Jumatatu au mlifungua mpya? Jibu ile ile na uwaweke wote waliokuwepo, maana mara nyingi mteja ameshaisogeza kwa mhasibu wake, na mhasibu asipopata ya pili atatoa hela kwa hesabu ya zamani. La pili, kosa la namna hii huwa haliishi kwenye mzigo mmoja, linakaa kwenye eksel. Fungua hiyo seli uangalie, kama CIF iko B2 na ushuru B3 utakuta hivi:

```
=B2*18%
```

badala ya

```
=(B2+B3)*18%
```

Kama ndivyo, kila mteja aliyepigiwa hesabu na faili hilo kapewa pungufu. Kagua kwanza ndo utume, na umwambie mteja kabisa kwamba makadirio yake mengine mmeyapitia. Ukituma rekebisho leo na kesho kutwa tena lingine hata ukisema kweli hakuamini.

Dada Mauzo
Mbona mnahangaika, Autluku ina Recall This Message, unairudisha imeili kabla hajasoma unatuma nyingine yamekwisha.

Kijana wa IT
Dada hiyo inafanya kazi mkiwa ndani ya taasisi moja tu, mteja wa nje au wa Jimeili hairudi. Hata ingerudi, kama ameshasoma ndo umezidi kumtia wasiwasi.

Mama Vipuri
Mimi yangu ni risiti ya EFD, nilishaikata kwa bei ya juu na mteja kalipa, nikamtumia imeili ya kuomba radhi na tofauti yake nikamrudishia, ila mhasibu wangu bado ananisumbua.

Mzee wa Kurasini
Mama hiyo ni habari nyingine. Makadirio ni karatasi tu, risiti imeshaingia kwenye mauzo yako, hapo imeili haitoshi, mhasibu anataka kredit noti inayotaja namba ya ile risiti. Muone yeye kabla hujafaili ritani ya mwezi.

Mpemba wa Mjini
Kwetu huwa twapiga simu kwanza, imeili yafuata kama ushahidi. Na hiyo milioni 1.8 mngempunguzia kidogo kwenye ada yenu, mteja keshapanga hela zake.

Mzee wa Kurasini
Simu sawa, hasa kama yuko mbioni kulipa. Kupunguza ada hapana, kodi ni ya serikali na angeilipa hata kama mngepatia toka mwanzo. Mngempunguzia kama kuchelewa kwenu kumemsababishia storeji.

Mpemba wa Mjini
Na kama aliuza mzigo kwa bei aliyoipanga juu ya ile hesabu ya mwanzo? Hasara hiyo ya nani?

Mwanzisha mada
Hapo ndo palipo, mteja kajibu ameshachukua advansi kwa mnunuzi wake. Bosi anakaa naye kesho asubuhi. Eksel nimeifungua, ni kweli B2 peke yake, kuna makadirio mengine mawili yametoka na faili hilo hilo, naandika imeili zao sasa hivi.