Mrejesho: sifuri ya kushoto katika mfumo wa daraja la pili

Niliuliza: «Nikiongeza sifuri upande wa kushoto, kupitiliza na muda wa kupanda vitabadilikaje?»

Nimepiga hesabu ya mfumo 1/(s²+s+1), ambao hupitiliza lengo kwa 16.3% na kupanda kutoka 10% hadi 90% kwa sekunde 1.64. Nilipozidisha kwa (1+s/a), yaani kuweka sifuri kwenye s=−a, a ikiwa 1, muda ulishuka hadi sekunde 0.94 na kupitiliza kukafika 29.8%, kwa sababu jibu jipya ni lile la awali pamoja na kasi yake ya kubadilika iliyogawanywa kwa a. Kasi hiyo ni chanya wakati wa kupanda, ndiyo maana kilele huwahi na kuinuka. Kwa a=10, kupitiliza ni 16.4% tu, tofauti ambayo kwenye grafu haionekani.