Tupeane uzoefu: miezi ya ese, staje na aprantisaji inahesabiwa ama inapotea?

Mwenye uzi (Lubumbashi)
Bandugu, tuongee hii jambo kwa karatasi, si kwa maneno ya kantini. Mtu anaingia kazini tarehe 3 mwezi wa pili kama fundi umeme, kontra ina ese ya miezi sita. Mwezi wa nane anapewa kontra ingine ya "kuthibitishwa", na CNSS anatangazwa kuanzia hapo. Ile miezi sita imeenda wapi?

Fundi wa Kamalondo
Ese si kazi bado. Ni kupimwa tu. Utumishi unaanza siku wanakuthibitisha, na ndivyo kampuni zote hapa zinafanya.

Mama wa Ressources (Kampemba)
Papa Fundi, kwamba zinafanya hivyo, sikatai. Lakini ese ni kipengele ndani ya kontra ya kazi, si kontra ya pembeni. Kwa Sheria ya kazi namba 015/2002 lazima iandikwe. Isipoandikwa, umeajiriwa moja kwa moja. Na ina kikomo: mwezi 1 kwa manevu asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Manevu akiandikiwa miezi mitatu, ile miwili ya juu haina nguvu. Akiendelea kufanya kazi baada ya mwezi wa kwanza, amethibitishwa, hata kama hakuna barua.

Tuchukue yule fundi umeme, tuseme mshahara ni 600.000 FC. Kotizasyo ya CNSS ni 18%: yeye anakatwa 5%, yaani 30.000, na mwajiri anaongeza 13%, yaani 78.000. Pamoja ni 108.000 kwa mwezi, na kwa miezi sita 648.000 ambazo hazikufika. Angalia fishi ya pei za ile miezi. Kama 30.000 zilikatwa na CNSS haina mwezi hata mmoja, hilo ni kosa lingine, tena zito kuliko kutotangazwa.

Upande wa utumishi, tofauti inaonekana siku ya kuachishwa. Preavi ya mwajiri kwa kontra isiyo na mwisho ni siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka uliotimia. Akipewa barua tarehe 20 mwezi wa pili unaofuata, ukihesabu toka siku aliyoingia, mwaka umetimia: siku 21. Ukihesabu toka mwezi wa nane, ni 14. Likizo vilevile: siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, kwa hiyo 12 ama 6.

Mama Ruashi
Mie swali yangu: mtoto iko finaliste, anafanya staje ya miezi mbili juu ya diplome. Hawajamulipa hiyo kotizasyo. Anaenda kuidai wapi?

Mama wa Ressources
Mama, kotizasyo hailipwi mkononi mwa mtu. Inatumwa CNSS. Na staje ya masomo haina mshahara, kwa hiyo hakuna cha kukata kwa pansheni. Kinachomuhusu ni ajali za kazi: barua ya chuo iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Akiumia siku iliyo nje ya hizo tarehe, mtabishana sana.

Kijana wa Katuba
Lakini kuna "stajieri" wa mwaka mzima! Anasaini saa moja asubuhi, ana shefu, ana zamu ya usiku, mwisho wa mwezi anapewa "transport".

Papa Sendika
Hapo ndipo mchezo ulipo. Pesa ya transport haiko ndani ya mshahara kisheria, haihesabiwi kwa kotizasyo. Ndiyo maana wanaita kila kitu transport. Lakini inspekta wa kazi hatazami jina, anatazama kama kuna amri, kazi na malipo. Kiasi kinachopita mara nyingi nauli ya kweli ya kwenda na kurudi kinajieleza chenyewe. Weka beji, picha za daftari la zamu, na ujumbe wa simu unaoonyesha pesa ilitumwa tarehe gani. Daftari la lango kwenye site ni zuri zaidi, ila linabaki kwao. Omba inspekta alitake mapema, kabla halijabadilishwa.

Na usiende CNSS kuuliza tu "nimeandikishwa?" Watakujibu ndiyo, una namba. Uliza miezi gani imetangazwa, na kwa mshahara gani. Kuwa na namba ni kitu kimoja, miezi ni kingine.

Fundi wa Kamalondo
Basi na aprantisaji? Garaji inamfundisha kijana miaka miwili, kisha inamuajiri.

Papa Sendika
Kontra ya aprantisaji nayo ni ya maandishi, na haipiti miaka minne. Bila maandishi, garaji itapata shida kusema alikuwa mwanafunzi, kama alikuwa anashusha injini za wateja peke yake. Yenye maandishi, mimi ningesema utumishi unaanza siku ya kuajiriwa.

Mama wa Ressources
Mimi ningesoma kwanza ile kontra ya pili. Kuna zingine zinaandika "anaendelea", na hilo neno linabadilisha hesabu.

Fundi wa Kamalondo
Yangu inasema "anaanza".