Tupeane uzoefu: hadithi fupi iliyozaliwa na maandishi ya kadi ya posta ya zamani

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)
Jamboni wote. Binamu yangu amenitumia picha ya kadi ya posta aliyoikuta ndani ya kitabu cha nyimbo cha zamani. Upande wa mbele ni barabara yenye miti, na chini kumechapwa "Élisabethville". Mtu amelikata jina hilo kwa biki, akaandika juu yake "Lubumbashi". Upande wa nyuma, anwani ni sanduku la posta la parokia moja Bukavu, na ujumbe ni huu, nauacha kama ulivyo:

"Mama, nimefika. Kazi bado. Cherehani usiuze, hata wakuje na pesa. Muzee umupatie ile. Nitaandika mvua ikianza."

Hakuna jina la mwandishi. Nataka kutoa hapo hadithi fupi ya kurasa tatu hivi. Wale mliokwisha kufanya kazi kama hii, mlianzia wapi?

Ya Himbi (Goma)
Mimi niliandika moja mwaka jana, nilianzia kwenye picha. Niliangalia barabara, magari, nguo za watu, nikajenga mji mzima, ndipo nikamweka mtu wangu ndani. Yako ni rahisi: Élisabethville maana yake ni wakati wa Wabelgiji. Weka bosi Mbelgiji, weka kofia za jua, hadithi itatembea yenyewe.

Mama Mwalimu (Ibanda, Bukavu)
Ya Himbi, mdogo wangu, hapo polepole. Jina lililochapwa linatuambia kadi ilitengenezwa lini, halituambii ilitumwa lini. Kadi zilikaa dukani miaka mingi. Mji uliitwa Lubumbashi mwaka 1966, na huyu mtu alichukua biki akarekebisha, kwa hiyo aliandika baada ya hapo. Bosi wako Mbelgiji mwenye kofia ya jua anaweza kuwa ameshaondoka.

Mwana wa Katuba, angalia timbri. Bei imeandikwa kwa faranga au kwa herufi K? Na jina la nchi ni lipi? Halafu piga picha upya. Zima flashi, weka kadi karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka pembeni, si kutoka juu. Biki inachimba karatasi, na kivuli kitaonyesha hata pale wino ulipofifia. Piga kadi nzima hadi kingo zake. Watu wa zamani, nafasi ikiwaishia, waligeuza kadi na kuandika pembeni.

Baba Mapacha (Goma)
Samahani, kuna mtu ananunua kadi hizi? Nina mkebe wa babu umejaa. Nyumba yetu ilikwenda na moto wa Nyiragongo 2002, lakini mkebe ulikuwa kwa shangazi.

Mwana wa Katuba
Mama Mwalimu, aksanti sana. Timbri ina K, na jina ni République Démocratique du Congo. Muhuri hausomeki. Lakini kwenye ukingo wa kushoto, maandishi yamesimama wima, binamu alikuwa ameyakata kwenye picha ya kwanza: "Hii usisomeshe mutoto wa jirani."

Nilibaki nimekaa kitandani nikiutazama huo mstari.

Mama Mwalimu
Sasa una hadithi. K ni makuta, zilianza 1967. Nchi iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971. Timbri ya zamani iliweza kutumiwa baadaye kidogo, lakini mimi ningeiweka kati ya miaka hiyo. Na mtu wa Bukavu akisikia 1967 anajua: mamluki wa Schramme walishika mji huu kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Usiandike vita. Acha tu ieleweke kwamba nyumba imebaki na cherehani na vitu vichache sana, na kwamba kuna mtu anayelijua hilo, anakuja na pesa.

Sasa fikiria kadi yenyewe. Haina bahasha. Katekista anaipokea kwenye sanduku la parokia, anaigawa baada ya misa, kila mkono unaopita unaweza kuisoma. Ndiyo maana kijana anaandika "ile" na "wakuje" bila kutaja kitu wala mtu. Mama anajua, nasi hatujui. Hadithi inakaa palepale ambapo mwandishi hakuona haja ya kueleza.

Na nani atamsomea mama? Mtoto wa jirani, kwa sababu ndiye anayesoma shule na ndiye anayemsomea siku zote. Anasoma mistari yote kwa sauti, halafu anageuza kadi na kukuta jina lake, yaani nafasi yake, imekatazwa. Ningemwachia yeye asimulie.

Ya Himbi
Nakubali kuhusu tarehe. Lakini hiyo lugha rekebisha, Mama. "Wakuje", "umupatie": msomaji wa Dar atadhani ni makosa ya kuchapa.

Mama Mwalimu
Atasoma mara mbili, ataelewa. Mimi sitagusa hata herufi moja ya kadi. Masimulizi mengine aandike anavyotaka.

Mwana wa Katuba
Mimi bado niko katikati yenu. Jaribio la mwanzo hili hapa:

*Nilisoma kama nilivyozoea kumsomea, nimesimama, mkono mmoja nyuma. Niliposema "cherehani usiuze", Mama Mkubwa alicheka, akaifunika ile mashine kwa kitenge. Nilijua ni nani atakuja na pesa. Jana usiku nilimsikia baba akizihesabu. Kisha nikaona kuna maneno pembeni, nikageuza kadi. "Inasema nini hapo?" akauliza. Nikasema, "Anakusalimu."*

Mama Mwalimu
Uongo huo wa neno moja umebeba kila kitu. Baada ya hapo usimfanye mtoto alie, wala asikimbie. Mpe saa ya kuhesabu: "mvua ikianza". Kwetu Bukavu mvua inaanza Septemba. Kwenu?

Mwana wa Katuba
Hapa mara nyingi ni mwisho wa Oktoba, hata Novemba.

Mama Mwalimu
Umeona? Kijana anahesabu mvua ya Lubumbashi, mama anahesabu ya Bukavu. Kwa wiki nyingi mvua inapiga mabati, hakuna kadi, na baba wa mtoto anarudi kila mara na bei ya juu zaidi. Mtoto peke yake ndiye aliyefundishwa darasani kwamba majira ya kusini yanachelewa. Akisema, mama atasubiri. Akinyamaza, mama atauza. Huna haja ya tukio jingine.

Baba Mapacha
Nilikuwa nafuatilia kimya. Nimefungua mkebe. Kwenye kadi moja babu anamwomba mtu msamaha, na jina la mtu huyo limeandikwa lote. Watoto wake tunakutana nao sokoni Virunga. Hiyo ninaweza kuiandika?

Mama Mwalimu
Badilisha jina, mtaa na kazi, acha lile kosa na namna alivyoomba. Picha ya kadi usiiweke hapa. Na kabla ya yote kaa na shangazi yako, yeye ndiye aliyeitunza. Akikataa, mimi ningeiacha.

Ya Himbi
Mimi ningeandika. Babu ameshakufa, na msamaha si aibu. Ila swali langu kwa Mwana wa Katuba: "ile" ni nini? Lazima utuambie mwishoni.

Mwana wa Katuba
Mimi mwenyewe nimeamua ni nini, maana bila kujua, mkono wa Mama Mkubwa haujui uende wapi ndani ya nyumba. Ni kitambulisho cha kazi cha mzee, kilichofichwa ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini. Kwa hiyo mashine ikiuzwa, nacho kinakwenda. Mtoto hakijui. Ila kukitaja au kutokitaja, bado sijaamua. Nitaleta kurasa zote tatu Jumamosi, mniambie kama mliihisi hiyo droo kabla haijafunguliwa.