Mapato na matumizi hayasomwi, mchango unadaiwa: tutoe au tugome?

Mkulima, Morogoro: Wadau, kijijini kwetu mkutano mkuu haujaitishwa tangu mwaka jana. Sasa mtendaji anapita nyumba kwa nyumba akidai sh 20,000 kila kaya za boma la zahanati, na anayesita anaambiwa ataitwa kata. Je, ni haki kugoma mpaka tusomewe mapato na matumizi, au tutakuwa tunajikomoa wenyewe?

Kijana wa Mbeya: Msitoe hata shilingi. Michango ilifutwa zamani. Mwaka 2003 serikali iliondoa kodi ya kichwa, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Huyo mtendaji anavunja sheria.

Mtendaji mstaafu: Kijana, umechanganya mambo mawili ya kweli ukapata jibu lisilo sahihi. Kilichofutwa mwaka 2003 ni kodi ya maendeleo, ile ambayo watu walikuwa wakikimbilia porini wakisikia mgambo wanakuja. Marufuku ya Magufuli ilihusu wanafunzi kudaiwa michango shuleni, baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016. Mchango wa kujenga zahanati ya kijiji haumo humo. Kijiji kina haki ya kuamua kuchangia.

Lakini neno lenyewe ni kuamua. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na utaratibu ni huu: halmashauri ya kijiji inapanga, mkutano mkuu wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea unajadili na kukubali, muhtasari unaandikwa. Mkitaka mchango uwe wa lazima, wenye faini kwa asiyetoa, lazima iwepo sheria ndogo ya kijiji, iliyojadiliwa na mkutano mkuu kisha ikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Bila hiyo, mtu anaombwa, hatishwi. Kwa hiyo ndugu wa Morogoro, kabla ya kuuliza kama mna haki ya kugoma, muombe mtendaji awaonyeshe muhtasari wa mkutano ulioamua hiyo elfu ishirini. Kama mkutano haujakaa tangu mwaka jana, uamuzi huo ulifanyika wapi?

Mama lishe, Dar: Mnazungumzia vijijini, na mjini nako hali ndiyo hiyo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya utambulisho nifungue akaunti benki. Nikaambiwa elfu tano ya mhuri. Nikaomba stakabadhi, nikajibiwa hiyo ni ya karatasi na wino. Nililipa kwa sababu benki ilinitaka siku ileile. Tangu hapo, mabalozi wakipita kutangaza usafi au ulinzi shirikishi, mimi nasikia elfu tano tu. Si kubwa, ila ndiyo serikali niliyokutana nayo uso kwa uso. Waziri simjui, huyu namjua.

Mwenyekiti, Kanda ya Ziwa: Dada, pole, na sitetei kilichofanyika. Ila watu waelewe kiti hiki kilivyo. Sina mshahara, napata posho tena si kila mwezi. Ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, karatasi nanunua mwenyewe. Saa tano usiku nagongewa mlango, ng'ombe wameingia shamba la mtu. Mtendaji yeye ameajiriwa na halmashauri, mshahara anao na bosi wake ni mkurugenzi. Mimi mwananchi ananihoji kila siku lakini fedha sizishiki, na yeye anayezishika mwananchi hawezi kumwondoa.

Na mikutano tunaitisha, watu hawaji. Mara ya mwisho niliweka tangazo kwenye mti wa sokoni na kumtuma mtu na kipaza sauti. Wakaja watu arobaini hivi kwenye kijiji chenye mamia ya kaya, tukaahirisha.

Mtendaji mstaafu: Mwenyekiti, hilo la kuajiriwa umesema kweli kabisa, nami nimekikalia kiti chake. Ila hilo la watu kutokuja nina neno. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu ukae kila miezi mitatu. Nilipohamishiwa kijiji kimoja nilikuta watu wamekata tamaa vivyo hivyo. Walichokuwa wakisikia mkutanoni ni maagizo: lipeni, fyekeni, jitokezeni. Taarifa ya fedha ilikuwa ikiwekwa mwisho, jua limeshakuwa kali, kina mama wameondoka kupika. Tuliihamisha ikawa ajenda ya kwanza baada ya kufungua kikao. Sikubadilisha kingine. Mikutano miwili baadaye watu walikuwa wanakuja na madaftari.

Mwalimu wa siasa: Naona mnakwepa shina. Uhalali unatoka kwenye kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 ikawa zaidi ya 98. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anamwogopa nani? Hawezi kusoma mapato na matumizi kwa sababu hakuna kitu kinachomlazimisha.

Mzanzibari: Sisi huku sheha hatumchagui kabisa, anateuliwa na mkuu wa mkoa. Na bado masheha hawako sawa. Tulikuwa na mmoja mkali lakini ukienda kwake na shida ya kitambulisho anakuandikia, anakueleza kilichopungua, unaondoka unajua la kufanya. Aliyekuja baada yake anakutazama kwanza wewe ni wa upande gani. Wote wawili wameteuliwa kwa njia moja. Kwa hiyo kura ni muhimu, sikatai, lakini haitoshi kueleza kwa nini mmoja tunamwamini na mwengine tunamkimbia.

Mwalimu wa siasa: Lakini huyo wa pili mtamwondoaje? Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Imani mliyokuwa nayo kwa wa kwanza ilikuwa bahati, haikuwa haki yenu.

Mzanzibari: Hilo sina jibu lake.

Muuguzi, Tabora: Naomba nirudishe mjadala kwa aliyeuliza, kwa sababu kuna mama mjamzito katikati ya hili. Utaratibu uliozoeleka ni kijiji kuinua boma mpaka usawa wa lenta au zaidi, ndipo halmashauri au serikali kuu inaleta fedha za kuezeka na kumalizia. Kijiji ambacho hakijafika hapo hakiwekwi mbele. Nchi hii imejaa maboma yaliyoota nyasi ndani kwa sababu watu waligombana kwenye tofali la tano. Mkigoma miezi sita, mtendaji haumii, mshahara wake unaingia. Anayeumia ni anayepakiwa kwenye bodaboda usiku akiwa na uchungu. Toeni, halafu mdai hesabu.

Mkulima, Morogoro: Dada muuguzi, nimekusikia, na mke wangu anasema kama wewe. Ila mwaka juzi tulitoa kwanza, za madawati. Hesabu hatujaiona mpaka leo. Ndiyo maana watu wamechoka.

Mtendaji mstaafu, shikamoo. Tukisema tunataka kusomewa, watatusomea tu karatasi. Tutajuaje kama ni ya kweli?

Mtendaji mstaafu: Marahaba kijana wangu. Hili ndilo swali ninalolipenda, maana taarifa nyingi za uongo hazina tarakimu za uongo. Zina tarakimu zilizorukwa.

Tuseme kijiji kina kaya 300, kila moja sh 20,000. Lengo ni milioni 6. Robo ya kwanza mtendaji anasoma: zimelipa kaya 210, zimepatikana 4,200,000. Saruji mifuko 150 kwa 17,000 ni 2,550,000. Fundi 900,000. Jumla ya matumizi 3,450,000, salio 750,000. Watu wanapiga makofi. Miezi mitatu baadaye anasoma tena: mapato ya robo hii 1,100,000, matumizi 1,040,000, salio 60,000. Hesabu ni safi, kutoa na kujumlisha viko sawa. Lakini zile 750,000 ziko wapi? Zilitakiwa kuwa mstari wa kwanza, salio la kuanzia. Kwa hiyo kila mkutano mtu mmoja aandike salio la mwisho kwenye daftari lake, na mkutano unaofuata asikilize kama ndilo linaloanza.

Jambo la pili, msiombe kusomewa majina ya wadaiwa peke yake. Ombeni majina ya waliolipa. Yakisomwa uwanjani kaya kwa kaya, atasimama mzee aseme, mbona mimi nililipa na sijatajwa? Hapo utamuuliza stakabadhi, atasema aliambiwa itakuja. Wakisimama watatu wa namna hiyo mkutano mzima umeshaelewa bila mkaguzi.

La tatu ni la stoo. Saruji haiishii kwenye risiti ya duka. Kamati ya ujenzi iwe na daftari la kupokea na kutoa vifaa, lenye sahihi ya aliyepokea na ya fundi. Mifuko 150 ikinunuliwa na daftari likaonyesha 120, tofauti mtaiona siku ileile, si baada ya miaka miwili.

Kijana wa Mbeya: Mzee, kwa hiyo bado unasema watoe?

Mtendaji mstaafu: Nasema kugoma kimyakimya ni njia mbaya kuliko zote, kwa sababu kwenye faili mtaandikwa wakaidi tu. Andikeni barua ya kuomba mkutano, wasaini watu wa vitongoji vyote, impate mtendaji wa kijiji na nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi. Mhakikishe nakala yenu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Wakati mnasubiri, toeni nguvu kazi: mchanga, maji, mawe, kufyatua tofali. Hivyo haviingii mfukoni mwa mtu, na thamani yake iandikwe pia kama mchango wa wananchi.

Mwenyekiti, Kanda ya Ziwa: Nguvu kazi nakubali, lakini lenta haiinuki kwa mchanga. Nondo na saruji ni fedha taslimu. Mkitoa maji na mawe mkasimamia hapo, boma litasimama hapo.

Muuguzi, Tabora: Ndiyo hofu yangu.

Mkulima, Morogoro: Barua tunaiandika Jumapili baada ya ibada, na wa msikitini tumeshaongea nao. Mawe tutaanza kusomba. Fedha, kitongoji chetu wengi wanasema mpaka mkutano ukae, na kitongoji cha pili wanasema watoe nusu. Kwenye hilo hatujaafikiana.