Mrejesho: vishikio na vichwa vya bomba la pazia

Niliuliza: "Pazia zito la velveti, bomba jeusi la milimita 28. Nifungie kamba au kishikio cha chuma, na kikae wapi ukutani?"

Wadau, asanteni sana, kazi imekamilika. Nimechagua kamba pana ya velveti ileile, kwa sababu chuma chembamba kingeacha alama kwenye manyoya ya kitambaa. Weusi wa bomba nimeurudia kwenye ndoano tu.

Ushauri wa kujaribu kabla ya kutoboa ndio ulionisaidia zaidi. Nilizungusha futi kamba kwenye pazia lililokusanywa, nikailegeza hadi mikunjo ikaacha kubanwa: sentimita 65, ndio urefu wa kamba. Pazia lina sentimita 210, hivyo ndoano iko 70 kutoka chini, theluthi moja, usawa wa ukingo wa nje wa pazia. Ukutani nimetumia fisha, maana velveti huvuta.

Vichwa vya bomba vinauzwa kwa kipenyo. Cha 25 hakiingii kwenye bomba la 28. Pete moja nimeiacha kati ya bracketi na kichwa, nayo inazuia ukingo wa pazia usivutwe katikati.