Nyaraka za ofisi ndogo: tufute kwa ratiba au tutunze zote?

Mwanzisha mada: Wadau, ofisini tuko wanane. Mwenzangu anataka kila faili liwe na lebo: Wazi, Ya Ndani, Siri au Siri Kuu, pamoja na ratiba ya kufuta. Mimi nasema nafasi ya kuhifadhi ipo tele, tutunze zote. Nani yuko sahihi?

Kalamu Nyekundu: Tunza miaka saba, kila kitu. Sheria ya kodi ndiyo inavyotaka, habari imeisha.

Fundi Seva: Ndiyo maana kabati za wahasibu hazifungiki. Sheria ya kodi inahusu kumbukumbu za hesabu, na miaka yenyewe hutofautiana nchi na nchi. Wasifu wa mtu aliyeomba kazi akakosa unahusianaje na kodi?

Kalamu Nyekundu: Kabati zangu zinafungika, ahsante. Mkaguzi akija, mimi ndiye ninayeulizwa, si wewe. Ankara ikikosekana, hasemi "pole, ratiba yenu ilifuta".

Kwa Bibi Harusi: Nashona nguo za harusi. Vipimo vya mteja ni Siri au Ya Ndani? Binti wa kazini aliwahi kuvipiga picha akavirusha kwenye kundi, mteja akanijia juu vibaya sana.

Fundi Seva: Hiyo ni Siri, dada, wala usisite. Lebo inajibu swali moja: kikivuja, nani anaumia? Siri maana yake wafungue wanaokihitaji tu kwa kazi, na hakipigwi picha kwa simu ya mtu. Siri Kuu niwekee vitu vichache mno: nakala za vitambulisho, mishahara, habari za afya. Hivyo vikitumwa nje, faili hufungwa kwa nywila, na nywila huenda kwa njia nyingine, simu kwa mfano, haikai kwenye barua pepe ileile.

Kalamu Nyekundu: Bado hujaniomba radhi kuhusu kabati.

Fundi Seva: Kwa kabati, radhi. Kwa "kila kitu", hapana. Hata hiyo miaka saba umeihesabu kuanzia lini? Ratiba isiyotaja tukio la kuanzia haitekelezeki. Ankara huhesabiwa tangu mwaka wa hesabu ufungwe, mkataba tangu ulipokwisha, maombi ya kazi tangu uamuzi ulipotolewa.

Mwanzisha mada: Maombi ya kazi tunayo kweli, arobaini hivi, na vitambulisho vyao. Nifanyeje?

Fundi Seva: Tuseme uamuzi ulitoka tarehe 15 Machi, na mmekubaliana miezi sita ili aliyekosa akilalamika muwe na la kujibu. Tarehe 15 Septemba mnafuta folda. Ila nakala rudufu zenu zikikaa siku 90, maombi yale bado yamo humo hadi tarehe 14 Desemba. Mashine ikiharibika Oktoba mkairudisha kutoka nakala ya Agosti, waliofutwa wote wanarudi, na hakuna atakayegundua. Kwa hiyo mnatunza daftari la ufutaji: folda gani, tarehe gani, nani alifuta. Majina ya waombaji hayamo. Baada ya kila urejeshaji mnalipitia daftari na kufuta upya.

Mpita Njia: Na zile zilizopakuliwa kwenye barua pepe za wasaili? Watu watatu walisaili, kila mmoja ana nakala yake. Folda kuu ikifutwa, hizo tatu zinabaki.

Fundi Seva: Hapo umenena. Wasaili wapewe kiungo cha folda, wasitumiwe viambatisho. Za zamani zitafutwe moja moja, hakuna njia ya mkato.

Kalamu Nyekundu: Na mmoja wa hao arobaini akishtaki mwezi wa nane? Ratiba yako inafuta ushahidi Septemba.

Fundi Seva: La, shauri likianza, au hata likinukia, ufutaji wa nyaraka zinazohusika unasimama, na mtu mmoja anaandika kwamba umesimama na kwa nini. Shauri likiisha, saa inaendelea. Hilo umeligusa vizuri.

Kalamu Nyekundu: Basi ofisi ya watu wanane nani huyo "mtu mmoja"? Mtamtwika mhasibu, nawajua.

Kwa Bibi Harusi: Mimi vipimo nimeviandika kwenye daftari la karatasi, mteja wa leo na wa zamani ukurasa mmoja. Nikimfuta mmoja namchana na mwenzake?

Mpita Njia: Anza daftari jipya, dada, kila mteja karatasi yake. La zamani lifungie, ulichane vipande vidogo siku muda wa mteja wa mwisho aliyemo utakapofika.

Mwanzisha mada: Mwenzangu kasoma haya yote, sasa anataka ankara nazo ziwe Siri Kuu. Hapo sikubali.

Kalamu Nyekundu: Kwa hilo niko na wewe. Kila kitu kikiwa Siri Kuu, mimi nitafungaje mwezi?